Kanuni ya Nne ya 'M'e Mpolokeng

Majina nimeyabadilisha, na la kijiji silitaji kabisa. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Langu tu ndilo la kweli: naitwa Keneuoe, ni mfasiri, na nina mdomo. Wanaofanya kazi nami hapa Maseru watakwambia hilo la mdomo kwanza.

'M'e Mpolokeng, yaani Mama Mpolokeng, alikuwa mkubwa wetu kwenye meza ya Kisotho. Alifundisha shule ya msingi miaka ishirini na mitatu, akasahihisha gazeti miaka minane, na katika miaka yote hiyo hajasahihishwa na mtu. Hasemi hivyo kwa majivuno, anasema tu kama mtu anavyosema ana watoto wawili. Niliwahi kukaa naye kanisani kwenye mazishi ya jirani yangu. Zikagawiwa karatasi za ratiba, zenye picha ya marehemu na maisha yake kwa ufupi. Watu wanalia, kwaya inaimba, yeye akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha. Alipomaliza akampa aliyekuwa mbele yake, akamnong'oneza ampelekee mchungaji kabla hajasoma. Niliona aibu mpaka nikajifunika uso kwa blanketi nililojitanda.

Basi ndiye waliyempa kazi ya kuandika mwongozo.

Mradi wenyewe ulikuwa wa jumbe za simu kwa wajawazito. Mwanamke anaandikishwa kliniki, anatoa namba, halafu anapata ujumbe: siku ya kupimwa imefika, dawa usisahau, ukiona damu njoo upesi. Jumbe mia mbili na kitu, zimeandikwa Kiingereza na watu tusiowajua, sisi tuzigeuze Kisotho. Zitumike huku kwetu Lesotho na ng'ambo ya mto Mohokare, Afrika Kusini, maana Wasotho wako pande zote mbili. Wafasiri tulikuwa saba, wanne huku, watatu Bloemfontein, chini ya mzee mmoja anaitwa Ntate, yaani Baba, Mokhethi. Na hapo ndipo mwongozo unapohitajika. Lugha ni moja, tukiongea tunaelewana mpaka matusi, lakini tukishika kalamu kila mmoja na lake. Sisi vidonge tunaandika *lipilisi*, wao *dipilisi*, na mdomoni ni kitu kilekile. Mwezi kwetu ni *khoeli*, kwao ni *kgwedi*. Mtu wa huku akisoma ya kule anahisi kama amevaa viatu vya mwenziwe.

Miezi miwili waligombana kwa simu, 'M'e Mpolokeng na Ntate Mokhethi. Kwa adabu, lakini! "Ntate, kwa heshima zote, hiyo ni tahajia ya waliokaa na Makaburu." "'M'e, kwa heshima zote, hiyo ya kwenu ni ya wamisionari Wafaransa, na walishakufa." Mwishoni wakakubaliana: kila ujumbe uandikwe mara mbili, safu mbili, maneno yaleyale, tahajia mbili, na kliniki ichague safu kulingana na upande wa mto. Hiyo ikawa kanuni ya kwanza. Ya pili ikawa alama: kile kikoma cha juu kwenye *'M'e* kiwe kilichonyooka, kisiwe kilichopinda, kwa sababu kilichopinda kinaifanya simu ihesabu herufi kivingine, na ujumbe wa herufi mia na sitini unakatwa ukifika sabini. Hilo alitufundisha fundi wetu wa mitambo. Ya tatu ilikuwa herufi kubwa. Waingereza wale walikuwa wameweka herufi kubwa kila mahali, Kliniki, Muuguzi, Vidonge, kama vile vyote ni watakatifu. 'M'e Mpolokeng alizifyeka zote. Herufi kubwa abaki nayo Mungu, mfalme, mwanzo wa sentensi na jina la mtu.

Kanuni ya nne ilihusu namna ya kumwita mtu. Aliiandika asubuhi moja bila kusita, na hakuna aliyembishia, hata Ntate Mokhethi. Mwanamke aliyeolewa ataitwa *'M'e* na jina lake la ndoa, mwanzoni mwa kila ujumbe. Jina lake la usichana lisitumike.

Kwetu siku unayoolewa wakwe wanakupa jina la mama wa mtoto ambaye hata mimba yake haijaingia. Mume wako ni mwana wa Letsema, mtoto wako wa kwanza atakuwa Letsema, basi wewe toka leo ni 'Maletsema, na la kwenu limebaki kwenu. Kumwita mke wa mtu kwa jina la usichana mbele ya wakwe zake ni kumvua kitambaa cha kichwa. Kwa hiyo kanuni ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe niliipigia makofi. 'M'e Mpolokeng akaandika kurasa tatu za namna ya kuliandika jina hilo, kikoma mbele, M kubwa, jina linalofuata liungane kwa herufi ndogo, na fomu ya kliniki ikaongezewa mstari wa jina la ndoa ili mtambo ulichukue hapo na kulibandika kwenye ujumbe. Mwongozo ukasainiwa pande zote mbili, ukafungwa. Kufungwa maana yake hakuna anayegusa tena bila fomu ya kuomba badiliko, sababu ieleweke, na wakubwa wa pande zote mbili waweke saini.

Jumbe zilikuwa zianze kwenda Jumatatu ya pili ya Julai, kwa wanawake elfu moja na mia mbili wa kwanza. Kila jioni, saa kumi na mbili.

Jumatano kabla ya Jumatatu hiyo, nilimkuta 'M'e Mpolokeng jikoni mwa ofisi. Baridi ya siku hiyo ilikuwa ya kuvunja mifupa, maji ya bomba yalikuwa yameganda, na yeye amekaa mbele ya jiko la mafuta ya taa ambalo hajaliwasha.

"'M'e, mbona hujawasha?"

Niliwasha mimi. Nikamuuliza tena, na tena, maana mimi siwezi kunyamaza. Akaniambia nifunge mlango.

Binti yake Nthabeleng aliolewa mwaka jana mwishoni, kijiji cha mbali huko milimani. Mumewe, Tefo, anafanya kazi mgodini ng'ambo, anarudi kila baada ya miezi. Msichana anaishi na mama mkwe, na ana mimba ya miezi mitano. Alikuwa amekuja Maseru siku mbili kabla kwa mazishi ya shangazi, na asubuhi hiyo alipopita ofisini kabla ya kupanda gari la kurudi akamwambia mama yake: kliniki wamempima damu, wamemkuta na virusi. Wamempa dawa za kila jioni, ale ajikinge yeye na mtoto. Anazificha ndani ya mto wa kulalia. Hajamwambia mtu. Tefo atarudi mwisho wa mwezi, na amekata shauri kumwambia mwenyewe, uso kwa uso, waende wote kupima.

"Sawa," nikasema. "Ana akili huyo mtoto. Atamwambia mumewe."

"Kama ataachiwa nafasi ya kumwambia," akasema 'M'e Mpolokeng. "Simu yake iliingia maji. Kliniki walipomwomba namba alitoa ya mama mkwe. Aliambiwa ni jumbe za wajawazito tu, akadhani ni za maziwa na mboga. Keneuoe, simu iko mfukoni mwa aproni ya yule mama. Na jina ametoa la ndoa, 'Maletsema. Kwa sababu fomu inalidai."

Nikauona ujumbe namba kumi na saba mbele ya macho yangu, maana niliutafsiri mimi: *'M'e 'Maletsema, usisahau vidonge vyako vya jioni.* Ugonjwa hautajwi. Lakini hapa kwetu nani asiyejua ni vidonge gani mwanamke mjamzito anavyokula kila jioni saa ileile?

"Yule mama atasema binti yangu ndiye aliyeleta," akasema. "Kabla mwanawe hajafika. Atamvisha blanketi, atamrudisha nyumbani na tumbo lake, na Tefo atakuta habari imeshapikwa na kupakuliwa. Nawajua. Mke wa mwana wao wa kwanza walimrudisha kwa kidogo kuliko hicho."

Nikamwambia aombe fundi aitoe namba. Akasema orodha hatuioni sisi wa lugha, ni siri, na kuiulizia namba ni kumtaja mwenyewe. Nikasema basi arudi kliniki akaifute. Akasema kliniki ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, tarehe yake kwenye kadi ni wiki ya mwisho wa mwezi, na mke wa mwana akiomba ruhusa nje ya tarehe ataulizwa anaumwa nini. Isitoshe orodha ya Jumatatu ilishafungwa.

"Umefunga kila kitu," nikasema.

"Nimefunga mimi mwenyewe."

Hapo nikakasirika. Sijui kwa nini hasira ilinijia kwake badala ya kunijia huruma, lakini ndivyo nilivyo. "'M'e, wale wengine elfu moja mia moja tisini na tisa, hawana mama wakwe? Wao vidonge vyao vitangazwe uani, sivyo? Tulikaa hapa wiki nzima tunabishana M kubwa na M ndogo, hakuna hata mmoja aliyejiuliza simu itakuwa mkononi mwa nani!"

Alinitazama kama nimempiga kofi. Kisha akasema polepole, "Usipige kelele. Ukuta ni mwembamba." Na hakunikatalia neno hata moja. Nilijuta, na wakati huohuo sikujuta. Hata mimi nilikuwa nimepiga makofi.

Alhamisi asubuhi akajaza fomu ya kuomba badiliko. Kanuni ya nne: ondoa jina, ondoa *'M'e*, ujumbe uanze moja kwa moja. Mahali pa sababu akakaa nusu saa. Ukweli hawezi kuuandika. Nchi yetu ni ndogo, mkuu wetu wa ofisi ametoka bonde lilelile la wakwe, na akiandika "kwa ajili ya usiri" ataulizwa imekuwaje aikumbuke siri wiki hii, siku moja baada ya mwanawe kupita ofisini na macho yamevimba. Watu walikuwa wamemwona. Basi akaandika sababu za lugha.

Saa nne tukampigia Ntate Mokhethi, simu imewekwa mezani inaongea kwa sauti, mimi pembeni naandika. Alikuwa na mafua.

"'M'e Mpolokeng, nimesoma fomu. Nimesoma mara mbili, nikadhani mtu ameiba jina lako."

"Ni mimi, Ntate."

"Unasema jina linakula herufi. Ujumbe mrefu kuliko yote una mia na thelathini na mbili. Nafasi ipo."

"Kile kikoma cha *'M'e* kinaweza kupinda, Ntate, ujumbe ukakatika."

"Kanuni ya pili inasema kinyooke. Umeiandika wewe. Fundi amejaribu, hakipindi."

'M'e Mpolokeng akalamba midomo. "Majina ya ndoa yanaandikwa ovyo kliniki. Wengine wanatenganisha, wengine wanaweka herufi kubwa katikati, huko kwenu wanaanza na *Mma*. Mtu akiona jina lake limekosewa atachukia."

"Hee! Kurasa tatu, 'M'e! Kurasa tatu za jina la ndoa, na mifano kumi na minne. Nimewafundisha wauguzi wa hapa kwa kurasa zako hizohizo. Leo unaniambia hazifai?" Akakohoa. "Tena unataka tumwite mama wa watu bila hata *'M'e*. Wewe? Wewe uliyenikaripia mwezi wa tatu kwa sababu barua yangu ilianza bila salamu?"

Nilisikia jiko linavuma. Jasho lilikuwa linamtoka 'M'e Mpolokeng kwenye nywele za mbele, katika baridi ile, naapa.

"Badiliko hili ni jumbe zote, pande zote, safu zote mbili," akaendelea Ntate Mokhethi. "Kila mmoja utazamwe upya kabla fundi hajaupakia kesho mchana. Watu wangu watatu wasilale kwa sababu gani? Niambie sababu moja ya kweli nitie saini. Vinginevyo tuzungumze mwezi ujao, kwenye toleo la pili."

Mwezi ujao! Alikuwa anachagua. Atamtaja mwanawe kwa mwanamume asiyemjua, kwenye simu inayopiga kelele, ukuta mwembamba; au atakubali mwezi ujao. Nikaona kwamba anakaribia kumtaja. Basi nikaingilia, ingawa kazi yangu pale ilikuwa kuandika tu.

"Ntate, ni Keneuoe hapa. Samahani kwa kudakia."

"Nilikuwa najiuliza utanyamaza mpaka saa ngapi, dada yangu."

"Una mke, Ntate?"

"Nina mke."

"Simu yake inachajiwa wapi?"

Akafikiri. "Dukani. Umeme wetu wa mgao."

"Basi saa kumi na mbili jioni simu ya mkeo iko dukani, kioo juu, watu wananunua mkate. Inalia. *'M'e fulani, usisahau vidonge vyako vya jioni.* Jina lake liko hapo, zima, na herufi kubwa mahali pake. Ntate, kesho yake utanunua mkate duka gani?"

Tukasikia anapenga kamasi, kisha mlango unafungwa huko kwake. Aliporudi sauti ilikuwa nyingine, ya chini.

"Kwa nini hamkusema hivyo tangu mwanzo?"

"Tunasema sasa," akasema 'M'e Mpolokeng.

"Hapana. Huyo dada ndiye aliyesema. Wewe umezunguka." Akakohoa tena. "Sikuulizi zaidi, 'M'e. Nitatia saini. Lakini kwenye orodha ya mabadiliko lazima iandikwe sababu, maana wafadhili wanaisoma, na watauliza nani alipitisha kanuni ya kumtaja mgonjwa kwa jina. Mimi nilisaini nikiuamini Usotho wako. Siwezi kuwaambia vijana wangu kwamba ni makosa yao."

"Ni yangu," akasema.

"Basi andika hivyo."

Aliandika kwa mkono wake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. *Kanuni ya nne, toleo la kwanza, ni kosa la mwandishi wa mwongozo, Mpolokeng Sekhesa. Ilitanguliza heshima ikasahau usalama wa anayeandikiwa. Imefutwa.* Miaka thelathini na mmoja, na sahihisho lake la kwanza kajiandikia mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hakuwa na nyingine mkobani. Alisaini bila kulia. Mimi ndiye niliyekwenda kulia chooni.

Alhamisi hiyo yote na Ijumaa asubuhi tulizifyeka jumbe moja moja. Na nikwambie, kazi hiyo inaumiza. Kisotho hakijui kusema na mtu mzima bila kumwita baba au mama. Ukiondoa *'M'e* sentensi inabaki uchi, ni amri ya kumpa mtoto au mbwa. Kila nilipompelekea ukurasa alikunja uso kama anakula ndimu, kisha anasema, "Iache hivyohivyo." Alitoa hata neno vidonge. Ujumbe wa kumi na saba ulipotoka mikononi mwake ulikuwa huu tu: *Ya jioni usisahau.* Kijana mmoja wa meza yetu akacheka, akauliza huu ni ujumbe au ni kelele za dirishani. 'M'e Mpolokeng alimwambia arudi kwenye safu yake.

Ijumaa saa saba mchana fundi akapakia. Tukamwuliza mara tatu kama amepakia toleo jipya. Mara ya tatu akatuuliza kama tunamwona mjinga. Jumamosi na Jumapili sijui 'M'e Mpolokeng alizimalizaje. Jumatatu alikuja kazini amevaa soksi za rangi mbili.

Ilipofika saa kumi na moja wenzetu wakaanza kuondoka. Sisi tukabaki. Alikuwa ameiweka simu yake mezani, juu ya mwongozo, na hatukuwa na jambo la kufanya tena. Nilimletea papa, ule ugali wetu, na mboga zilizobaki mchana, hakugusa. Jua lilishazama, milima imeshakuwa nyeusi dirishani.

"Kama mtambo umechukua toleo la zamani?" akaniuliza.

"Haujachukua."

"Kama fundi amesahau safu ya kwetu akabadilisha ya ng'ambo tu?"

"'M'e, nimeiona kwa macho yangu."

"Uliona ujumbe wa kumi na saba?"

Niliuona. Lakini aliponiuliza hivyo nikaanza kutilia shaka macho yangu mwenyewe. Saa kumi na mbili ikafika. Ikapita. Dakika tano. Dakika saba. Nikasema unaona, kimya ni habari njema. Dakika ya tisa simu ikalia, ikatetemeka juu ya mwongozo, na kwenye kioo pameandikwa jina la mama mkwe wa Nthabeleng.

Hakuipokea mara moja. Aliniangalia, na sijawahi kuona mtu mzima ana uso ule. Nikaibonyeza mimi, nikaiweka kwa sauti.

"'M'e! Mkwe wangu! Mko wazima huko mjini?"

"Tuko wazima, 'M'e. Nyie huko?"

"Sisi tunaganda tu. Sasa sikiliza, wewe si ndiye mtu wa maandishi? Unafanya kazi na hawa wa meseji za serikali?"

'M'e Mpolokeng alishika ukingo wa meza. "Nafanya nao."

"Basi waambie wana wazimu! Sasa hivi nimepata meseji. Nakaa na chai yangu, simu inalia, nasoma. Hakuna lumela ya salamu, hakuna 'M'e, hakuna jina la mtu, hakuna habari za jioni. Ati, ya jioni usisahau! Ya jioni nini? Nisahau nini? Nimeisoma kwa sauti nyumba nzima, tumecheka mpaka babu yao akapaliwa. Nikampa 'Maletsema naye asome, labda macho yangu ya uzee. Akasema hata yeye haelewi, hao wamekosea namba."

"Naye... 'Maletsema, yuko hapo?"

"Katoka. Amecheka, akasema anaenda kuingiza kuku. Mtoto mzuri huyu, 'M'e, ulimlea. Adabu anayo. Ndiyo maana nakupigia. Nimeifuta meseji, siwezi kukaa na upuuzi kwenye simu yangu, lakini wewe mwenye kujua maandishi uende ukawaambie. Huyu aliyeandika hivi, mwanamke au mwanamume, hakulelewa! Hakuwa na mama wa kumfundisha kusema na watu."

Nilimwona 'M'e Mpolokeng akifumba macho.

"Ni kweli, 'M'e," akasema. "Hakulelewa."

"Umwambie!"

"Nitamwambia."

Wakaagana kwa adabu zote, salamu kwa huyu, salamu kwa yule, mwisho simu ikakatika. Nikaruka, nikamkumbatia, nikasema tumepona, 'M'e, tumepona, amekwenda kwa kuku, saa hizi keshameza. Hakunikumbatia. Alikuwa ameuvuta mwongozo karibu, amefungua kalenda iliyobandikwa nyuma, na kwa kidole anahesabu vijumba kutoka Jumatatu ile mpaka siku Tefo atakapotoka mgodini.

"Jioni kumi na tisa," akasema. "Kesho ikija tena, yule mama hatacheka."